Hakuna Aliyevunja AES, Nonsi Tu Ndio Ilirudiwa: Vile Meseji Zako Zinaweza Kusomwa Bila Ufunguo

Apu ikikuambia meseji zako zimefungwa na AES ya biti 256, hapo haikudanganyi. Hiyo ni kufuli noma. Hakuna msee anajulikana ameifungua kwa kujaribu funguo moja moja, na hata ukimpea kompyuta zote za Nairobi bado atakufa kabla amalize.

Lakini kuna njia ya pembeni. Mjanja haguzi kufuli kabisa. Anangoja aliyefunga arudie kanamba fulani kadogo kanaitwa nonsi. Kakirudiwa mara moja tu na ufunguo ule ule, meseji mbili zinaanza kuchomana zenyewe. Wacha tuone inaendaje, hatua kwa hatua, na ukitaka utajaribu mwenyewe kwa kompyuta yako.

Kwanza, meseji inafungwa aje?

Wasee wengi hufikiria AES inameza meseji yako, inaisaga, halafu inatema vitu hazisomeki. Kuna njia inafanya hivyo, lakini kwa modi ya kaunta mambo ni tofauti. Meseji yako haiingii ndani ya AES hata kidogo.

Chenye kinaingia ni nonsi ikifuatwa na hesabu: 1, 2, 3, 4, hivyo hivyo. Kila mara AES inatema baiti 16 zinazokaa ni kama zimeokotwa tu. Ukiziunganisha unapata mkondo mrefu wa baiti. Huo mkondo ndio unachanganywa na meseji yako.

```
mkondo = AES(ufunguo, nonsi|1), AES(ufunguo, nonsi|2), ...
siri   = meseji XOR mkondo
```

Saifa za mtiririko kama ChaCha20 zinafanya kitu ile ile, tofauti ni kwamba zenyewe zinatema baiti 64 kwa mpigo. Kwa hivyo kila kitu utasoma hapa inazihusu pia.

XOR nayo ni nini? Fikiria ile taa ya ngazi kwa ploti, yenye swichi moja chini na ingine juu. Swichi zote zikiangalia upande mmoja, taa imezima. Zikiangalia tofauti, taa imewaka. XOR ni hivyo tu: biti mbili zikifanana unapata 0, zikitofautiana unapata 1.

Shika hii moja, ndio kila kitu inasimamia: ukifanya XOR na kitu kimoja mara mbili, kinajifuta. Ndio maana mwenye kupokea anaweza kufungua meseji. Anatengeneza mkondo ule ule kwa sababu ana ufunguo, anaufanyia XOR na siri, mkondo unajifuta, meseji inabaki.

Nonsi ni kama kodi ya M-Pesa

Ukituma doo, M-Pesa inakupea kodi ya herufi na namba kumi. Hiyo kodi si siri. Unaweza kumwonyesha mwenye duka, unaweza kuituma kwa grupu ya chama. Kazi yake ni moja: isiwahi kufanana na ya muamala mwingine.

Nonsi iko hivyo hivyo. Inatumwa wazi kabisa pamoja na meseji, na mtu yeyote anayesikiliza mtandao anaweza kuiona. Hakuna shida. Haihitaji kufichwa, na kwa hii modi ya kaunta haihitaji hata kuwa ngumu kubahatisha. Inaweza kuwa 1, 2, 3 mpaka mwisho. Kitu inakatazwa ni kurudi mara ya pili chini ya ufunguo ule ule.

Na sababu unaiona hapo juu kwa ile fomyula. Mkondo unatengenezwa na vitu viwili pekee: ufunguo na nonsi, halafu kaunta inahesabu. Ufunguo ukibaki ule ule na nonsi ibaki ile ile, mkondo unatoka ule ule, baiti kwa baiti. Hakuna bahati hapo, ni lazima.

Sasa cheki vile mambo inaharibika

Tuseme Brayo anamtumia Shiro meseji mbili kwa apu ya developa mvivu aliyeandika nonsi moja kwa programu na akaiacha hapo. Kuna jamaa amekaa kwa waifai hiyo hiyo, anarekodi kila kitu kinapita. Hana ufunguo. Ana hizi tu:

```
siri 1:  e9 75 da 41 f4 16 a8 22 58 be cc
siri 2:  f7 75 df 2e 9a 11 c2 5f 29 c7 b4
```

Ukiangalia moja moja, hakuna kitu. Ni takataka. Lakini jamaa ameona nonsi ni moja kwa zote mbili, kwa hivyo anajua zimechanganywa na mkondo mmoja. Anazifanyia XOR zenyewe kwa zenyewe:

```
siri 1 XOR siri 2:  1e 00 05 6f 6e 07 6a 7d 71 79 78
```

Umeona kilichotendeka? Siri ya kwanza ni meseji 1 na mkondo. Siri ya pili ni meseji 2 na mkondo. Mkondo umeingia mara mbili, umejifuta. AES imetoka kwa picha, biti 256 zimetoka kwa picha. Chenye kimebaki ni meseji 1 XOR meseji 2, maneno mawili ya binadamu yamelaliana, bila kufuli yoyote.

Na maneno ya binadamu hayajui kujificha. Tuseme jamaa anajua Brayo huandika kwa herufi kubwa tu. Baiti ya pili ni 00, hiyo inasema meseji zote mbili zina herufi ile ile mahali hapo. 1e, 05 na 07 ni ndogo, maana yake hapo ni herufi dhidi ya herufi. Zile zinaanza na 6 au 7 zinasema upande mmoja kuna herufi na upande mwingine kuna kitu si herufi: nafasi ama namba. Na nne za mwisho zote zinaanza na 7. Namba nne zimefuatana mwishoni mwa meseji? Jamaa ameshaanza kutabasamu.

Hapo ndio anaanza kubahatisha

Mchezo ni huu: unabahatisha kipande cha meseji moja, unakifanyia XOR na ule mstari wa juu. Ukiwa umepatia, kipande cha meseji ya pili kinajitokeza. Ukiwa umekosea, unapata takataka.

Anajaribu SASA, si watu huanza hivyo? Inatoka `MAV.` na hiyo si lugha ya mtu. Anatupa. Anajaribu NIKO. Inatoka `PIN ` na nafasi yake mwishoni.

Hapo mchezo umebadilika. Kubahatisha vibaya kungempea neno kamili la maana kwa bahati? Ni ngumu sana, na kila herufi inayoongezeka inafanya iwe ngumu zaidi. Kwa hivyo anaamini yuko njiani na anasukuma mbele. Anajaribu NIKO NYUMBANI. Inaanza vizuri, halafu inakuwa `PIN NI3(<` na kuharibika. Sawa, si nyumbani. Anarudi nyuma kidogo, anaweka NIKO NJIANI, meseji yenye kila Mkenya ametuma akiwa bado kwa kitanda.

Unaweza kuifanya mwenyewe, laini nne za Python:

```python
c1 = bytes.fromhex("e975da41f416a82258becc")
c2 = bytes.fromhex("f775df2e9a11c25f29c7b4")
w = b"NIKO NJIANI"
print(bytes(a ^ b ^ c for a, b, c in zip(c1, c2, w)).decode())
```

Inatoka `PIN NI 4071`. Imeisha hivyo. Meseji mbili zimesomwa, ufunguo haujaguswa.

Cheki pia vile kazi inaenda pande zote mbili. Ukikwama kwa meseji moja unaruka kwa ingine. Ukiona `PIN N` kwa upande mmoja unabahatisha ni `PIN NI`, na hiyo inakupea herufi mpya upande ule mwingine. Ni kama kujaza chemshabongo, kila neno linafungulia lingine.

Na mbaya zaidi bado inakuja. Akishajua meseji moja, anaifanyia XOR na siri yake na anapata mkondo wenyewe, baiti 11 za kwanza. Brayo akituma meseji ya tatu kwa nonsi ile ile, jamaa habahatishi tena. Anasoma moja kwa moja, mpaka baiti ya 11. Meseji ikiwa ndefu kuliko hapo, mkia wake atautafuta kwa kubahatisha tena.

Lakini tuseme ukweli, kuna vitu hapati. Ufunguo wa AES hajaupata, mkondo haumrudishi huko. Na meseji zenye nonsi zao ni tofauti bado ziko salama, hata kama ufunguo ni ule ule. Hasara inakaa kwa zile zimegawana nonsi.

Usidhani pia ni kazi ya mtu kukaa usiku mzima na kalamu. Mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kompyuta inaweza kutenganisha meseji mbili za aina hii yenyewe, kwa kutumia tu mazoea ya lugha: herufi gani hufuata gani. Na mashine zikiongea zenyewe kubahatisha ni rahisi hata zaidi, kwa sababu maombi ya mtandao huanza na `GET /` na faili nyingi huanza na baiti zile zile kila siku.

Warusi walishawahi kuchomeka

Hii stori ni ya zamani kuliko kompyuta ya kwako. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, majasusi wa Sovieti walifunga meseji zao kwa vitabu vya namba za kutumiwa mara moja tu. Ukifuata sheria, hiyo njia haivunjiki kabisa, hata kwa hesabu. Lakini mwaka wa 1942, vita ikiwa imewabana, waliotengeneza vitabu walichapisha maelfu ya kurasa mara mbili. Wamarekani kwa mradi uliokuja kuitwa Venona walikaa miaka wakitafuta kurasa zilizojirudia, na kutoka hapo wakasoma meseji nyingi za kijasusi. Kufuli ilikuwa kamilifu. Kurudia ndio kulichoma.

KRACK: siku waifai ya kila mtu ilirudia nonsi

Unaweza kusema, hayo ni makosa ya developa mvivu. Basi sikia hii. Oktoba 2017, Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, walitangaza shida ndani ya WPA2 yenyewe, ile kinga ya waifai iliyokuwa kwa karibu kila ruta na kila simu. Waliiita KRACK.

Simu yako ikijiunga na waifai, yenyewe na ruta wanasalimiana kwa ujumbe nne. Ujumbe wa tatu ukifika, simu inaweka ufunguo mpya na kuanza kuhesabu pakiti zake kutoka mwanzo. Hiyo hesabu ya pakiti ndio inaingia kwa nonsi. Simu pia inatuma ujumbe wa nne kusema, nimepata, tuko sawa.

Sasa, waifai hupoteza pakiti. Kwa hivyo sheria inasema ruta isipoona ujumbe wa nne, itume ule wa tatu tena. Ni jambo la busara kabisa. Mshambulizi anakaa katikati ya simu na ruta, anazuia ule wa nne usifike. Ruta inangoja, inatuma wa tatu mara ya pili. Simu inaupokea, inaweka ufunguo ule ule tena, na inarudisha hesabu mwanzo.

Hapo ndipo. Ufunguo ule ule, nonsi zile zile zinaanza upya, na pakiti mpya zinafungwa na mkondo uliotumika tayari. Kuanzia hapo ni stori ya Brayo na Shiro, kwa kasi ya waifai.

Simu nyingi za Android 6.0 zilikuwa na balaa lao la ziada: wakati wa kuweka ufunguo mara ya pili, zilikuwa zimeshaufuta kutoka kwa kumbukumbu, kwa hivyo ziliweka ufunguo wa sufuri tupu. Huko hata kubahatisha hakuhitajiki.

Angalia vile kosa lilikaa. Hakuna aliyepata paswadi ya waifai, kwa hivyo kuibadilisha hakukusaidia kitu. Dawa ilikuwa apdeti ya kufundisha simu kwamba ufunguo ule ule ukirudi, usiguse hesabu. Mshambulizi pia alihitaji kuwa karibu nawe, ndani ya umbali wa waifai. Na kama ulikuwa kwa tovuti ya HTTPS iliyowekwa vizuri, kulikuwa na kufuli ya pili ndani, yenye funguo zake tofauti.

Nonsi hurudiwa aje kwa maisha ya kawaida?

Kama unaandika programu, hizi ndizo njia zenye watu huanguka. Ya kwanza ni ile ya developa wa Brayo: nonsi imeandikwa ndani ya programu, mara nyingi ni sufuri tupu, kwa sababu mfano aliokopi ulikuwa hivyo. Ya pili ni kaunta inayokaa kwa kumbukumbu tu. Stima ikipotea kifaa kinawaka upya, kaunta inaanza tena kwa 1, lakini ufunguo ulikuwa umehifadhiwa na uko vile vile. Ya tatu ni seva mbili kupewa ufunguo mmoja, kila moja ikihesabu kivyake kutoka 1. Hakuna yenye imekosea peke yake, ila wakiwa pamoja wamerudia kila kitu.

Ya nne ni kuokota nonsi kwa bahati nasibu wakati nafasi ni ndogo. Ukiwa na watu 23 darasani, nafasi ya wawili kushea siku ya kuzaliwa inapita nusu, na siku za mwaka ni 365. WEP, kinga ya waifai ya kitambo, ilikuwa na nafasi ya biti 24, hizo ni namba 16,777,216. Zinakaa nyingi, lakini ukiziokota ovyo, baada ya pakiti kama 4,800 hivi kuna nusu ya nafasi kwamba moja imeshajirudia. Waifai inamaliza pakiti hizo haraka sana.

Utajuaje, na utafanya nini?

Kujua si ngumu, kwa sababu nonsi inasafiri wazi. Rekodi nonsi zote zinazotoka chini ya ufunguo mmoja, ziweke kwa faili, kila moja kwa laini yake, halafu:

```
sort nonsi.txt | uniq -d
```

Ikitoa hata laini moja, una shida. Njia ingine ni kufunga meseji ile ile mara mbili. Siri zikitoka zimefanana, nonsi haibadiliki. Hata kwa mfano wetu kulikuwa na dalili: baiti ya pili ilikuwa 75 kwa siri zote mbili, kwa sababu meseji zote zilikuwa na I mahali hapo.

Dawa inategemea hali yako. Kama unaweza kutengeneza ufunguo mpya kwa kila kikao, fanya hivyo, kaunta ikianza kwa 1 hakuna ubaya kwa sababu ufunguo si ule wa jana. Kama ufunguo lazima ukae, hifadhi kaunta mahali haipotei, na uiandike kabla hujatuma. Kama seva ni nyingi, kila moja ipewe ufunguo wake. Na kama unataka kuokota kwa bahati nasibu, tumia XChaCha20 yenye nonsi ya biti 192, nafasi kubwa hadi kujirudia si kitu ya kukukosesha usingizi. Kwa AES-GCM yenye biti 96, mwongozo wa NIST wa nonsi za bahati nasibu unasema usipitishe meseji 2^32 kwa ufunguo mmoja, kama bilioni 4.3 hivi.

Na usijifariji ati GCM ina muhuri wa kuthibitisha meseji, kwa hivyo uko sawa. Nonsi ikijirudia huko, siri zinavuja vile vile, na juu yake mshambulizi anaweza kupata ufunguo wa ule muhuri na kuanza kutunga meseji za uongo zenye zinakubalika. Kama unaogopa siku moja kitu kitateleza, kuna AES-GCM-SIV. Hiyo ikirudiwa nonsi, chenye kinavuja ni kimoja tu: kama meseji mbili zinafanana kabisa au la. Maneno yenyewe yanabaki yamefungwa.

Kwa hivyo msee akikuringia saizi ya ufunguo wa apu yake, muulize swali moja tu: simu ikizima na kuwaka tena, nonsi yenu inaanzia wapi?